Asilimia 6 iliyogeuka fomu 13: kisa cha aya moja ya ripoti

Aya yenyewe ilikuwa na sentensi mbili tu. Ilikaa katika ukurasa wa pili wa ripoti ya nusu mwaka ya kitengo kinachopokea na kushughulikia maombi. Kazi yangu ni kupitia ripoti kabla hazijapelekwa kwenye kamati, kwa hiyo niliisoma mara mbili na kuipitisha. Hakuna namba hata moja ndani yake iliyokuwa ya uongo. Hata hivyo kamati iliisoma, ikaielewa kinyume, na ikaahirisha jambo ambalo lilistahili kupita siku ileile.

Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Katika kipindi cha pili wastani wa maombi 1,600 yalipokelewa, ongezeko la 28%, ambapo maombi yaliyorudishwa kwa makosa yalipungua kwa 6% kutoka 18 hadi 12, hivyo makosa ni mara 1.5 chini ya awali. Muda wa kushughulikia maombi ulikuwa kati ya siku 9 hadi 6 huku mengine yakichukua kati ya siku 2-41, na asilimia 66.67% ya waombaji waliridhika na huduma."

Msomaji aizingatie kidogo kabla ya kuendelea. Ajiulize maombi mangapi yalirudishwa, na ombi la kawaida lilichukua siku ngapi. Ajiulize pia ni waombaji wangapi walioulizwa kama wameridhika.

Kilichokuwa kinasubiri uamuzi ni fomu mpya. Kitengo kilikuwa kimebadilisha fomu ya maombi mwanzoni mwa kipindi cha pili, kikapunguza sehemu za kujaza na kuweka maelezo kando ya kila sehemu. Sasa kiliomba ruhusa ya kuitumia moja kwa moja. Mwenyekiti wa kamati ni mtu makini, anayesoma akiwa na kalamu mkononi. Alikumbuka kutoka ripoti iliyotangulia kwamba maombi 225 yalirudishwa katika kipindi cha kwanza. Akakokotoa asilimia 6 ya 225 pembezoni mwa ukurasa, akapata 13 na nusu. Akainua kichwa akasema, "Ndugu zangu, kazi yote hii ya kubadilisha fomu, na tumeokoa fomu 13 katika miezi sita?"

Mwandishi wa rasimu alijaribu kueleza kwamba ni zaidi ya hapo. Mjumbe mmoja akamuuliza, "Sasa ni ngapi?" Hakuwa na jibu la haraka, kwa sababu aya yake mwenyewe haikuwa nalo. Jambo likasogezwa kikao kijacho.

Baada ya kikao nilikaa naye na daftari la takwimu. Hesabu zenyewe zilikuwa rahisi na safi. Miezi sita ya kwanza yalipokelewa maombi 1,250, na 225 yakarudishwa, sawa na asilimia 18. Miezi sita ya pili yalipokelewa 1,600, na 192 yakarudishwa, sawa na asilimia 12. Kwa hiyo ile 6 ya kwenye ripoti ni 18 kutoa 12. Ni tofauti kati ya viwango viwili vya asilimia, na tofauti ya namna hiyo haihesabiwi kwa asilimia. Inahesabiwa kwa pointi za asilimia. Kiwango cha makosa kilishuka kwa pointi 6.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana kosa hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko yote katika ripoti ninazopitia. Ukiandika kwamba kitu kimepungua "kwa asilimia 6", unamwambia msomaji achukue kiasi cha awali, akigawe sehemu mia, na aondoe sehemu sita. Mwenyekiti alifanya hivyohivyo na hakukosea hata hatua moja. Alitii sentensi. Kama kiwango cha asilimia 18 kingepungua kweli kwa asilimia 6, kingefika asilimia 16.92, maana asilimia 6 ya 18 ni 1.08. Kwa kuwa kilifika 12, upungufu ulikuwa 6 katika 18, yaani theluthi moja ya kiwango cha awali, au asilimia 33 na kidogo.

Tena kulikuwa na namba ya tatu, nayo ni kweli vilevile. Ukihesabu fomu zenyewe na kuacha kiwango kando, zilitoka 225 zikawa 192. Zimepungua fomu 33, na 33 katika 225 ni karibu asilimia 15. Kwa hiyo tuna jambo moja linaloweza kusemwa kwa namna tatu. Kiwango kimeshuka kwa pointi 6, kiwango kimeshuka kwa theluthi moja, na fomu zilizorudishwa zimepungua kwa karibu asilimia 15. Namba hizi tatu hazigombani, kwa sababu kila moja ina msingi wake. Ya kwanza inapima umbali kati ya viwango viwili. Ya pili inapima kiwango kipya dhidi ya cha zamani. Ya tatu inapima fomu dhidi ya fomu, bila kujali kwamba kipindi cha pili kilikuwa na maombi mengi zaidi.

Mwandishi wa rasimu aliniuliza, "Sasa kaka, ipi ndiyo sahihi?" Zote ni sahihi, lakini si zote zinazojibu swali la kamati. Kamati ilitaka kujua kama fomu mpya inapunguza makosa. Kuhesabu fomu 33 kunaifanya fomu mpya ionekane dhaifu kuliko ilivyo, kwa sababu maombi yaliongezeka kwa 350 katika kipindi hichohicho. Kinachofaa ni kiwango. Na kwa kamati isiyokaa na viwango kila siku, kiwango kinaeleweka kikirudishwa kwenye fomu. Kama makosa yangebaki asilimia 18, maombi 288 kati ya 1,600 yangerudishwa. Yalirudishwa 192. Tofauti ni 96. Mwenyekiti alikuwa na 13 pembezoni mwa ukurasa wake, na namba iliyojibu swali lake ilikuwa 96.

Ndiyo maana siku hizi nikiona mabadiliko ya asilimia katika rasimu, natafuta vitu vitatu: palipoanziwa, palipofikiwa, na neno linalosema ni tofauti ya aina gani. "Kilishuka kutoka asilimia 18 hadi asilimia 12" inajitosheleza hata bila kutaja tofauti, kwa kuwa msomaji anaweza kuipata mwenyewe. "Kilishuka kwa pointi 6 za asilimia" inafaa ikifuatana na hiyo. "Kilishuka kwa asilimia 6" ikiwa peke yake siipitishi mpaka nione hesabu. Na neno asilimia lirudiwe pande zote mbili. Rasimu ilisema "kutoka 18 hadi 12", na mjumbe mmoja alidhani ni fomu 18 na fomu 12. Simlaumu, kwa maana sentensi ilikuwa inazungumzia maombi.

Kiswahili kina mtego wake hapa ambao mwandishi anapaswa kuujua. Maana yote hukaa katika neno dogo "kwa" au "hadi". Makosa yaliyopungua kwa asilimia 12 na makosa yaliyopungua hadi asilimia 12 ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Tukizungumza tunaliacha neno hilo, tunasema "yamepungua asilimia 12", na anayesikia anajazia kwa muktadha. Kwenye karatasi hakuna wa kumuuliza. Wala "ongezeko la 28%" halikumdhuru mtu siku ile, kwa sababu hakuna aliyeweza kudhani kwamba maombi yamefika asilimia 28. Lakini namba ya pili, yaani 1,250, haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuihakiki.

Na "mara 1.5 chini"? Niliomba ifutwe kabisa. Kugawanya 18 kwa 12 kunatoa 1.5, hiyo ni kweli, lakini hakuna msomaji anayejua afanye nini na kitu kilicho mara moja na nusu chini. Mara ni neno la kuzidisha. Ukizidisha 18 kwa 1.5 unapata 27, na ukiitoa 27 kwenye 18 unaingia chini ya sifuri. Kwa kupungua tuna maneno mazuri yaliyozoeleka: nusu, robo, theluthi. Kiwango cha makosa kimepungua kwa theluthi moja, au kimebaki theluthi mbili ya kilivyokuwa. Hata kwa kuongezeka "mara" inataka uangalifu. "Mara tatu ya awali" haina utata. "Mara tatu zaidi" wengine huisoma kama mara tatu na wengine kama mara nne, kwa kuwa "zaidi" inaonekana kuongeza juu ya kilichokuwepo. Ukitaka kusema mara tatu, andika "mara tatu ya awali", kisha weka namba zenyewe kando yake.

Neno "wastani" nalo lilikuwa limekaa pabaya. Maombi 1,600 yalikuwa idadi kamili iliyohesabiwa, wala hayakuwa wastani wa kitu chochote. Tumezoea kusema "wastani wa watu hamsini walikuja" tukimaanisha kama hamsini hivi. Katika ripoti wastani ni kitu kimoja tu: jumla ikigawanywa kwa idadi. Mjumbe anayesoma "wastani wa maombi 1,600" ana haki ya kuuliza kama ni wastani wa kila mwezi, na kama ni hivyo kipindi kizima kilikuwa na 9,600. Kama namba imekadiriwa, andika takriban. Kama imehesabiwa, iandike bila kuipamba. Hata "zaidi ya 1,600" ingekuwa kosa hapa, kwa sababu yalikuwa 1,600 barabara.

Sasa siku. Sehemu hii iliniumiza zaidi kwa sababu niliipitisha bila kusita. "Muda ulikuwa kati ya siku 9 hadi 6." Nilijua mwandishi anamaanisha nini, maana nilikuwa nimeona jedwali: katika kipindi cha kwanza nusu ya maombi ilikamilika ndani ya siku 9, na katika kipindi cha pili ndani ya siku 6. Kwa kuwa nilikijua kilichokusudiwa, jicho langu liliteleza juu ya kilichoandikwa. Anayezifahamu namba ndiye msomaji mbaya kuliko wote wa kupima sentensi yenye namba.

Kilichoandikwa kinasomeka kama masafa, kwamba maombi yalichukua siku 6, 7, 8 au 9. Wajumbe wawili walilielewa hivyo, wakashangaa kuona mbele kidogo kwamba "mengine" yalichukua siku 2 na mengine 41. Tatizo ni kwamba lugha yetu inatumia maneno yaleyale kwa kazi tofauti. "Kutoka 9 hadi 6" inaweza kuwa safari ya kitu kimoja kinachobadilika. "Kuanzia 6 hadi 9" ni eneo ambamo vitu vingi vimetawanyika. Na "kati ya" hubeba kazi mbili zilizo mbalimbali kabisa: "24 kati ya 400" ni sehemu ya kundi, ilhali "kati ya 24 na 400" ni masafa. Herufi zinazotenganisha maana hizo mbili ni chache mno. Ukichanganya na kuandika "kati ya 9 hadi 6", umemnyima msomaji hata alama hiyo ndogo, kwa sababu "kati ya" hudai "na", na "hadi" hudai "kutoka" au "kuanzia".

Dawa niliyoizoea ni kukiacha kitenzi kifanye kazi. Kwa mabadiliko, kitenzi cha mwendo kitangulie: ulishuka kutoka siku 9 hadi siku 6, au ulipanda, au ulifika. Msomaji akishasikia "ulishuka" hawezi tena kudhani ni masafa. Kwa masafa, kiasi kidogo kianze na kikubwa kifuate, bila kitenzi cha mwendo: yalichukua siku 2 hadi siku 41. Na kwa sehemu ya kundi, jina likae jirani na namba: waombaji 24 kati ya 400. Kistari kama cha "2-41" nakiacha kwenye jedwali. Katika sentensi kinasomeka kama kutoa, na panapokuwa na namba zilizo chini ya sifuri kinavuruga kabisa.

Lakini hata masafa yakiandikwa sawasawa yanaweza kupotosha, na haya yalipotosha. Siku 2 hadi 41 ni kweli, ila 41 ni ombi moja tu. Linalofuata kwa kuchelewa lilichukua siku 23. Masafa yanabeba ncha mbili na kukaa kimya juu ya kilicho katikati, kwa hiyo ombi moja lililokwama lilipaka rangi maombi yote 1,600. Tulirudi kwenye daftari tukayapanga maombi yote kwa idadi ya siku, kuanzia lililokamilika mapema hadi lililochelewa, kisha tukasoma katikati ya orodha na pale asilimia 90 ya orodha inapoishia. Tukapata kwamba nusu ilikamilika ndani ya siku 6, na maombi 9 kati ya kila 10 ndani ya siku 14. Kwa sentensi mbili fupi msomaji ameshajua ombi la kawaida likoje na la kusuasua likoje. Lile la siku 41 linatajwa peke yake, kama lilivyo.

Katika jedwali la nyuma ya ripoti kulikuwa na jambo jingine la masafa ambalo kamati haikuliona. Safu zake zilikuwa siku 1–5, 5–10, 10–15, na zaidi ya 15. Ombi lililochukua siku 5 linaingia safu gani? Karani mmoja aliliweka ya kwanza na mwenzake aliliweka ya pili, na machache yakahesabiwa kote kuwili. Niligundua kwa kujumlisha tu: safu zilitoa 1,647, na maombi yalikuwa 1,600. Vitu vinavyohesabika kwa namba kamili kama siku huandikwa 1–5, 6–10, 11–15, 16 na kuendelea, bila ncha kugusana. Kwa vitu vinavyopimwa, kama uzito au urefu, njia hiyo haitoshi, maana kuna kitu cha 5.4 kisicho na safu. Huko andika "kuanzia 5 hadi chini ya 10", hata kama ni ndefu. Kila ninapoona jedwali la makundi najumlisha kwanza. Jumla ikizidi, ncha zinagusana. Ikipungua, kuna pengo au kuna walioachwa. Asilimia zikijumlika 99.9 au 100.1, huo ni mkato wa desimali, na inatosha kuandika chini ya jedwali kwamba namba zimekadiriwa.

Imebaki asilimia 66.67%. Kwanza, neno na alama havikai pamoja, chagua kimoja. Ninavyofanya mimi ni neno "asilimia" katika sentensi na alama katika jedwali, kwa kuwa jicho likifuata sentensi linasoma kwa sauti ya ndani, na alama inalikatiza. Hilo ni dogo. Kubwa ni desimali zile mbili. Asilimia 66.67 inamwambia msomaji kwamba tumepima kwa usahihi wa sehemu moja katika elfu kumi. Nilimuuliza mwandishi walijibu wangapi. Dodoso lilitumwa kwa waombaji 400, wakajibu 24, na 16 wakasema wameridhika. Kama mtu mmoja tu angebadili jibu lake, tungepata 62.5 au 70.83. Namba inayoruka pointi 4 kwa mtu mmoja haistahili desimali hata moja, na kwa maoni yangu haistahili hata asilimia. Kundi likiwa dogo namna hii naandika watu: 16 kati ya 24. Ni fupi, ni kamili, na linamwonyesha msomaji udogo wa kundi bila kumhubiria. Vilevile "asilimia 66.67 ya waombaji" ilikuwa na msingi usio wake. Walikuwa theluthi mbili ya waliojibu, na waliojibu walikuwa asilimia 6 tu ya waliotumiwa.

Kuhusu namna ya kuandika namba zenyewe sina mengi. Ripoti hii inasomwa na watu waliozoea koma kutenga maelfu na nukta kutenga desimali, kwa hiyo 1,250 haikuwa na shida. Kama wasomaji wako wamesomea mfumo ambamo koma ndiyo desimali, 1,250 kwao ni moja na robo, na inafaa kukubaliana mapema. Kwa namba kubwa, tarakimu ni salama kuliko maneno: "elfu kumi na mbili" mmoja ataiandika 12,000 na mwingine 10,002, na wote wana hoja. Na ukiandika muda kwa saa, weka "muda wa saa 3" au "kabla ya saa 3 asubuhi". "Majibu hutolewa saa 3" haisemi kama ni urefu wa kusubiri au ni wakati wa kutolewa.

Tuliandika aya upya. Kabla ya kuirudisha kwenye kamati tulitaka kuipima, na ilibidi apatikane mtu asiyejua lolote kuhusu maombi haya. Dada mmoja wa kitengo kingine alikubali. Tulimpa aya ya zamani asome mara moja kwa mwendo wake wa kawaida, kisha tukaifunika na kumwomba aandike maombi yaliyopokelewa, yaliyorudishwa, na siku za ombi la kawaida. Aliandika "kama 1,600", akaacha nafasi tupu, akaandika "6 mpaka 9". Nafasi ile tupu ilimgusa mwandishi kuliko maneno yangu yote, maana maombi yaliyorudishwa ndiyo yaliyokuwa kiini cha ripoti. Kisha tukampa mpya:

"Katika miezi sita ya pili tulipokea maombi 1,600. Katika miezi sita ya kwanza tulipokea 1,250, kwa hiyo maombi yameongezeka kwa asilimia 28. Maombi 192 yalirudishwa kwa sababu ya makosa, sawa na asilimia 12 ya maombi yote yaliyopokelewa. Katika miezi sita ya kwanza yalirudishwa 225, sawa na asilimia 18. Kiwango cha makosa kimeshuka kwa pointi 6 za asilimia, yaani kwa theluthi moja. Kama kingebaki asilimia 18, yangerudishwa maombi 288.

Nusu ya maombi ilikamilika ndani ya siku 6. Katika miezi sita ya kwanza nusu ilikamilika ndani ya siku 9. Maombi 9 kati ya kila 10 yalikamilika ndani ya siku 14. Ombi lililochelewa zaidi lilichukua siku 41.

Dodoso la kuridhika lilitumwa kwa waombaji 400. Walijibu 24, na 16 kati yao walisema wameridhika. Idadi hiyo ni ndogo mno kuwawakilisha waombaji wote."

Ni ndefu zaidi kidogo ya mara mbili ya ile ya kwanza, na mwandishi alihofia kwamba itawachosha. Dada yetu aliimaliza bila kurudi nyuma hata mara moja. Ile ya zamani alikuwa amerudi katikati ya sentensi mara mbili. Safari hii alijaza zote tatu: 1,600, 192, siku 6. Urefu haukumpunguzia mwendo, kwa sababu karibu kila sentensi ina namba moja au mbili, na namba nyingi zimetanguliwa na jina la kitu zinachohesabu. Hapo Kiswahili kinatusaidia bila sisi kujitahidi, kwa kuwa jina hutangulia namba: maombi 192, siku 14, waombaji 400. Kinachotakiwa ni kutolitupa jina hilo kwa kutaka ufupi. Pia tulipanga mambo kwa zamu moja, kipindi cha pili kwanza na cha kwanza baadaye, katika aya zote. Msomaji akishajifunza zamu hiyo kwenye jozi ya kwanza, haitafuti tena kwenye zinazofuata.

Kuna jambo aya hii bado hailisemi, na tuliacha hivyo kwa makusudi. Haisemi kwamba fomu mpya ndiyo iliyoshusha makosa. Kiwango kilishuka katika miezi ileile fomu ilipobadilishwa, lakini katika miezi hiyo walikuja pia waombaji wengi wapya, na pengine baadhi yao walikuwa waangalifu zaidi. Mwandishi alitamani kuandika "kutokana na fomu mpya". Nikamwomba aandike "tangu fomu mpya ianze kutumika". Hilo namba zake zinaliunga mkono, lile la kwanza haziliungi. Sentensi hiyo iliingia mwisho wa aya ya kwanza.

Kikao kilichofuata mwenyekiti alisoma akiwa na kalamu yake kama kawaida. Aliandika 288 kutoa 192 pembezoni, akapata 96, akapiga mstari chini yake. Fomu ikapita bila mjadala mrefu. Kisha akashusha kidole hadi aya ya pili, akakisimamisha kwenye mstari wa mwisho, akauliza, "Na hili la siku 41 lilikwama kwa nani?"